Kuku wa Batavia na kilichotupwa pamoja na pumba za mchele

Kuna ugonjwa uliowahi kuua watu walioshiba. Si utani. Walikuwa wanakula kila siku, sahani imejaa wali mweupe, hakuna aliyelala njaa. Kisha mmoja anaanza kulalamika kwamba miguu imekuwa mizito. Vidole vya miguu vinakufa ganzi. Akichuchumaa, hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Ukimfinya shavu la mguu anaruka kwa uchungu. Wiki zikipita anatembea akiburuta nyayo, na mwishowe hatembei kabisa.

Mwenzake anapatwa kwa njia nyingine. Huyu miguu inavimba. Bonyeza kwa kidole gumba, shimo linabaki pale pale kama umebonyeza unga uliokandwa. Moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, pumzi inakatika, na usiku hawezi kulala chali. Mtu wa aina hii anaweza kufa ghafla, wakati jana tu alikuwa anapiga stori na wenzake.

Huo ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, beriberi kavu na beriberi ya majimaji. Katika karne ya 19 ulitesa nchi za Asia zinazokula wali: Japani, Malaya, Ufilipino na visiwa ambavyo leo tunaviita Indonesia. Uliwapata hasa watu wanaopikiwa kutoka kwa jungu moja, yaani wanajeshi, mabaharia, wafungwa na vibarua wa migodini. Madaktari walikuwa na uhakika kwamba wanajua kinachoendelea: kuna kijidudu mahali, kazi ni kukitafuta tu.

Kabla hatujafika kwa kuku, chukua punje moja ya mpunga uiangalie vizuri. Nje kabisa kuna ganda gumu ambalo hakuna anayelila. Ukilitoa, unabaki na punje ya rangi ya kahawia. Hiyo rangi ni ngozi nyembamba iliyoizunguka punje, na kwenye ncha moja kuna kiinitete, kile kidoa kidogo ambacho kingechipuka kuwa mche. Ndani kabisa ndiko kuna ile sehemu nyeupe, karibu yote ikiwa ni wanga. Ngozi na kiinitete vikiondolewa vinakuwa pumba, zile ambazo hapa kwetu hulishwa kuku na nguruwe.

Zamani mpunga ulitwangwa kwa kinu na mchi. Mchi hauwezi kung'arisha kila punje, kwa hivyo sehemu ya ngozi ilibaki hata mtu angejitahidi vipi. Halafu zikaja mashine za mvuke, na kwa mara ya kwanza ikawezekana kukoboa na kung'arisha shehena nzima hadi iwe nyeupe pepepe, kwa bei ambayo serikali na matajiri wa migodi waliipenda. Na hawakuupenda weupe kwa urembo peke yake. Pumba zina mafuta, na mafuta hayo huchacha haraka kwenye joto na unyevu. Mchele wa kahawia ukikaa ghalani miezi kadhaa unaanza kunuka. Ule mweupe unakaa, unasafiri kwenye meli, unagawiwa jeshini bila shida. Kwa mkuu wa ghala hiyo ilikuwa habari njema.

Sasa twende Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, kisiwani Java. Miaka ya 1880 Waholanzi walikuwa wanatawala huko, na walikuwa vitani Aceh, kaskazini mwa Sumatra. Beriberi ilikuwa inalaza wanajeshi wao kwa wingi. Mwaka wa 1886 wakatuma tume kutoka Uholanzi ikiongozwa na maprofesa wawili, Pekelharing na Winkler, wakifuatana na daktari kijana wa jeshi aliyeitwa Christiaan Eijkman. Eijkman alikuwa amesomea kazi ya vijidudu Berlin, kwa Robert Koch mwenyewe, bingwa aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Unaelewa basi kwa nini tume ilikwenda na darubini ikiwa tayari imeamua itaona nini.

Maprofesa walikaa muda, wakaamini wamemwona mhalifu kwenye damu ya wagonjwa, wakapendekeza kambi zisafishwe kwa dawa, kisha wakarudi kwao. Eijkman akabaki. Mwaka wa 1888 akakabidhiwa maabara ndogo iliyokuwa ndani ya hospitali ya jeshi. Alikuwa na miaka 29.

Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kijidudu hicho. Akachukua kuku, kwa sababu kuku ni rahisi kuwapata na kuwalisha, akawachoma baadhi yao sindano yenye damu ya wagonjwa. Wengine akawaacha bila kuwachoma ili awe na wa kulinganisha. Mpango safi kabisa. Shida ni kwamba walipougua, waliugua wote. Waliochomwa waliugua, na ambao hawakuguswa waliugua pia. Akadhani maambukizi yameenea bandani, akawatenga wengine mbali. Nao wakaugua.

Dalili zilimshtua kwa sababu zilikuwa karibu sana na alichokuwa anakiona wodini. Kuku alianza kuyumba, magoti yakikunjika kama mlevi. Baadaye anaanguka ubavu na hawezi kusimama. Mabawa yanalegea, pumzi inakuwa ya kuvutwa kwa shida, undu, ile nyama nyekundu ya kichwani, unageuka rangi ya samawati, na kuku anakufa. Eijkman alipowapasua na kutazama neva zao kwa darubini, alikuta zimeharibika.

Halafu mwishoni mwa Novemba 1889 ugonjwa ukaisha. Bila dawa, bila kusafisha banda. Kuku waliokuwa wamelegea wakapata nafuu, na hakuna mpya aliyeugua.

Hapo wengi wangeshukuru Mungu na kuendelea na mambo mengine. Eijkman akaanza kuulizia ni nini kimebadilika, na jibu likatoka jikoni. Mtumishi wa maabara, ili apunguze gharama, alikuwa anaomba wali uliobaki kwenye jiko la hospitali na kuwalisha kuku. Ulikuwa wali mweupe, ule wa daraja la juu uliopikiwa wagonjwa wa jeshi. Alianza tarehe 17 Juni. Kuku wakaanza kuugua tarehe 10 Julai, wiki tatu na ushei baadaye. Kisha jikoni akaja mpishi mpya, naye akakataa katakata: mchele wa jeshi hauwezi kulishwa kuku wa raia! Tarehe 27 Novemba kuku wakarudishwa kwenye mchele wao wa kawaida, ule wa bei ya chini wenye ngozi yake. Siku chache baadaye wakawa wanasimama.

Kwa hivyo mpishi mmoja mwenye roho ngumu alichangia sayansi pakubwa, na jina lake hatuna.

Sasa Eijkman alikuwa na kitu anachoweza kukijaribu. Akawalisha kundi moja mchele mweupe na lingine mchele wa kahawia. Wa mchele mweupe waliugua baada ya wiki tatu au nne, wa kahawia wakabaki wazima. Pengine tatizo ni kupika? Akawapa mchele mweupe mbichi, wakaugua vilevile. Pengine mchele umeharibika kwa kukaa? Akatumia mpunga huohuo mmoja, nusu ukobolewe vizuri na nusu ubaki na ngozi, na matokeo hayakubadilika. Mwishowe akachukua kuku waliokuwa tayari wameanguka, wanakula wali mweupe uleule, akawaongezea pumba kidogo. Wakapona.

Tatizo likabaki hili: kuku si mtu. Wenzake walimwambia hivyo bila kuficha, na kusema kweli walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini ungefanyaje jaribio la aina hiyo kwa binadamu?

Aliyepata njia ni rafiki yake, Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya wa Java. Vorderman alijua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Magereza ya Java hayakuwa yanapika mchele wa aina moja. Kila sehemu ilifuata desturi yake. Kwingine wafungwa walipewa mchele uliokobolewa hadi kuwa mweupe, kwingine wenye ngozi, na kwingine mchanganyiko. Jaribio lilikuwa tayari limefanyika, tena kwa miaka, bila mtu kulipanga. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuhesabu.

Mwaka wa 1896 Vorderman akaanza safari, akapita magereza 101 ambamo karibu watu 280,000 walikuwa wamefungwa. Kila alipofika alichukua sampuli ya mchele na kuangalia rekodi za wagonjwa. Hakuishia hapo, na ndiyo sababu kazi yake inaheshimiwa hadi leo. Aliandika pia umri wa jengo, aina ya sakafu, jinsi hewa inavyoingia na msongamano wa watu, kwa maana alijua mtu angeinuka na kusema, "Labda ni unyevu. Labda ni hewa chafu."

Katika magereza 37 yaliyotumia mchele wenye ngozi, beriberi ilikuwa imeonekana katika gereza 1 tu. Katika 13 yenye mchanganyiko, ilikuwepo katika 6. Na katika 51 yaliyotumia mchele mweupe, ilikuwepo katika 36. Ukihesabu watu badala ya majengo, tofauti inatisha zaidi. Kwenye mchele mweupe aliugua mfungwa 1 katika kila 39. Kwenye mchele wenye ngozi, ilikuwa 1 katika zaidi ya 10,000. Jengo kuukuu au jipya, sakafu ya udongo au ya saruji, hewa nzuri au mbaya, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofuatana na ugonjwa kama mchele ulivyofuatana nao.

Ebu fikiria hao watu kidogo. Mtu amefungwa miezi mitatu kwa kosa dogo, sahani yake ni wali na mboga kiasi, na aina ya mchele wa wilaya ile ndiyo inaamua kama atatoka akitembea.

Ungedhani hadithi inaishia hapo. Haikuisha, kwa sababu Eijkman aliona kilichotokea akakieleza vibaya. Yeye aliamini kwamba ndani ya wanga wa mchele kuna sumu, na kwamba pumba zina dawa inayoizima. Kwa mtu aliyesomea vijidudu na sumu zao hilo lilikuwa wazo la kawaida. Ugonjwa unaletwa na kitu kibaya kilichoingia mwilini. Wazo kwamba unaweza kuletwa na kitu ambacho hakipo lilikuwa bado halina hata jina.

Eijkman aliugua akarudi Uholanzi mwaka wa 1896. Maabara ikaachiwa daktari mwingine, Gerrit Grijns, na huyu akauliza swali jepesi sana: kama wanga ndio wenye sumu, je, nikiwanyima kuku wanga kabisa watakuwa salama? Akawalisha nyama iliyokuwa imepikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 120 kwa muda mrefu. Hakuna mchele. Kuku wakaanguka vilevile. Basi hapakuwa na sumu ya wanga. Moto mkali ulikuwa umeharibu kitu fulani ndani ya nyama, kilekile ambacho mashine ilikiondoa kwenye mchele.

Halafu akatafuta vyakula vingine vya pale Java ambavyo vingeweza kuchukua nafasi ya pumba. Kimojawapo kilifanya kazi vizuri sana. Wenyeji walikiita kacang hijau. Wewe unakiita ndengu. Ndiyo, ndengu hii hii unayoichukua kibandani na chapo mbili. Kuku waliokula wali mweupe pamoja na ndengu hawakuugua.

Mwaka wa 1901 Grijns akachapisha hitimisho lake: katika vyakula vya asili kuna vitu ambavyo mwili hauwezi kuvikosa bila neva kuharibika, na vitu hivyo huharibika kwa urahisi. Kwetu hilo linasikika kama jambo la darasa la nne. Wakati huo lilikuwa geni kabisa. Neno "vitamini" lilikuja mwaka wa 1912, likibuniwa na Casimir Funk, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi London. Mwaka wa 1926, palepale Batavia, Jansen na Donath wakafanikiwa kuchuja fuwele za kitu chenyewe kutoka kwenye pumba. Na mwaka wa 1936 Mmarekani Robert Williams akajua umbo lake hasa na jinsi ya kukitengeneza maabarani. Ndicho tunachokiita leo thiamini, au vitamini B1.

Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1929 ilienda kwa Eijkman, akigawana na Mwingereza Hopkins. Grijns, aliyetoa maelezo sahihi, hakupewa. Mimi naona hapo kamati iliteleza, lakini hayo ni yangu.

Kwa nini thiamini ikikosekana mtu anaanguka akiwa ameshiba? Wanga ukiliwa unageuzwa kuwa sukari, na chembe za mwili huivunja ile sukari nusu nusu kabla ya kuiingiza kwenye tanuri la kutoa nguvu. Kati ya hatua hizo mbili kuna mlango, na ufunguo wake ni thiamini. Bila ufunguo, sukari iliyovunjwa nusu inarundikana nje huku tanuri likizimika. Neva na moyo ndivyo hula nguvu nyingi bila kupumzika, kwa hivyo ndivyo huumia kwanza. Na kadiri unavyokula wanga mwingi, ndivyo unavyohitaji funguo nyingi. Kwa hiyo kumwongezea mgonjwa wali mweupe, kwa nia njema kabisa, kulikuwa kunammaliza haraka zaidi.

Tupige hesabu ya mtu mmoja. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1.2 za thiamini kwa siku. Gramu 100 za mchele wa kahawia ambao haujapikwa zina takriban miligramu 0.4. Mchele mweupe wa uzito huohuo una karibu 0.07. Tuseme mfungwa anapewa nusu kilo ya mchele kwa siku na karibu chochote kingine hakuna. Akila wa kahawia anapata miligramu 2, zinatosha na kubaki. Akila mweupe anapata 0.35, hata theluthi moja ya mahitaji yake haifiki. Na hapo hatujaosha. Thiamini huyeyuka kwenye maji, kwa hivyo mchele mweupe ukioshwa mara kadhaa unaweza kupoteza robo au hata nusu ya kile kidogo kilichosalia. Ukipikwa kwa maji mengi kisha yakamwagwa, unapoteza zaidi.

Akiba ya mwili haimsaidii sana. Mwili mzima una kama miligramu 30 tu za thiamini, na kwa mtu asiyeingiza kitu zinapungua vibaya ndani ya wiki mbili au tatu. Linganisha na vitamini B12, ambayo ini linaweza kuihifadhi kwa miaka. Sasa unaona kwa nini kuku wa Eijkman walichukua wiki tatu.

Walioumia kimyakimya zaidi walikuwa watoto wachanga. Mama anayekula wali mweupe pekee anaweza kuonekana mzima, lakini maziwa yake hayana thiamini ya kutosha. Mtoto anaanza vizuri, kisha akifika miezi miwili au mitatu anakataa kunyonya, anatapika, na sauti inampotea. Analia, mdomo umefunguka, lakini husikii kitu. Moyo ukishindwa anakufa, wakati mwingine ndani ya siku moja. Robert Williams yule tuliyemtaja alianzia hapo. Mwaka wa 1910 alikuwa kijana mkemia Manila, Ufilipino, na daktari wa jeshi la Marekani, Edward Vedder, akamwomba wajaribu maji yaliyochujwa kutoka kwenye pumba za mchele. Wakamdondoshea mdomoni mtoto aliyekuwa anakata roho. Baada ya saa chache alikuwa amepata uhai. Williams alitumia zaidi ya miaka 25 iliyofuata akikitafuta kilichokuwa ndani ya yale maji.

Pengine unajiuliza, kwani sisi tunaokula wali kila wiki mbona hatuanguki? Jibu liko pembeni mwa sahani. Wali wetu mara nyingi unakuja na maharagwe, ndengu, kamande au nyama, na kesho yake ni ugali au githeri. Gramu 100 za ndengu kavu zina karibu miligramu 0.6 za thiamini, zaidi ya mchele wa kahawia wenyewe. Isitoshe, tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe virutubishi, na thiamini ni mojawapo. Soma nyuma ya pakiti, utaiona imeandikwa.

India Kusini waliipata njia yao zamani, kabla ya maabara yoyote. Wanachemsha mpunga ukiwa bado na maganda, wanauanika, ndipo wanakoboa. Ule mchemsho unasukuma thiamini kutoka kwenye ngozi hadi ndani ya punje, kwa hivyo hata mashine ikiondoa ngozi, sehemu nzuri inabaki. Huko Malaya vibarua wa Kitamil waliokula mchele wa aina hiyo waliepuka beriberi, huku wachimba madini wa Kichina waliokula mchele mweupe wa kawaida wakiugua kwa maelfu.

Japani nao waliona ushahidi mapema. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, aliongeza nyama na shayiri kwenye chakula cha mabaharia mwaka wa 1884, na beriberi ikapungua sana. Yeye alidhani kilichokosekana ni protini. Alikosea sababu, lakini mabaharia walipona. Jeshi la nchi kavu likamdharau, likashikilia wali mweupe, na katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 likapoteza askari takriban 27,000 kwa beriberi.

Leo ugonjwa huu hujitokeza pale mtu asipokula vya kutosha au chakula hakikai tumboni. Mlevi anayeishi kwa pombe bila chakula anaweza kuupata, na kwake huenda ukashambulia ubongo: macho yanachezacheza, anatembea ameyumba hata akiwa hajanywa, na kumbukumbu inapotea. Mama mjamzito anayetapika kwa wiki nyingi mfululizo naye yuko hatarini. Daktari akiushuku hangoji majibu ya maabara, anatoa thiamini kwanza, kwa sababu haina madhara makubwa na mgonjwa akichelewa huenda asirudi alivyokuwa.

Na usifikiri mambo haya ni ya Java ya zamani tu. Mnamo 2009 wanajeshi wa kikosi cha Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Pumzi ziliwakatika, mioyo ikawadunda, baadhi wakawa na homa. Angalau 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Wachunguzi walitafuta maambukizi hawakuyaona, wakatafuta sumu hawakuiona. Kufikia Mei 2010 walikuwa wamehesabu wagonjwa 241, na wanne walikuwa wamefariki.

Dalili zilifanana na beriberi ya majimaji, kwa hivyo madaktari wakaamua kuwapa thiamini. Wagonjwa wakapata nafuu kwa kasi iliyowashangaza. Damu iliyochukuliwa kabla ya matibabu kutoka kwa wagonjwa 16 ilipopimwa, ikaonyesha upungufu uleule. Wanajeshi waliokuwa wazima nao wakaanza kupewa thiamini, wagonjwa wapya wakapungua, na hakuna kifo kingine kilichoripotiwa.

Wachunguzi walipolinganisha walioumwa na wasioumwa, waligundua kwamba walioumwa zaidi walikuwa wale waliokula chakula cha kambini peke yake, bila kununua chochote kutoka kwa wenyeji. Wengi wao walikuwa kwenye vituo vilivyokuwa vikishambuliwa kwa risasi kila siku.